Chombo cha shaba alichoniachia bibi: parafujo juu, chini wazi. Kilikuwa cha kazi gani?

Mjukuu wa Walukuba (Jumamosi, saa 2:14 usiku)

Habari za jioni wapendwa. Niko Jinja. Bibi yangu, mama yake mama, alitutoka mwezi wa tatu. Tulipogawana vyombo vyake mimi niliachiwa hiki mnachokiona pichani, kwa sababu nilipokuwa mtoto ndiye niliyekuwa nakichezea. Sasa ni changu na sijui ni nini.

Niwaeleze kwa maneno maana picha zangu ni za simu ya zamani. Ni mcheduara wa shaba ya njano, kimo sentimita 14, upana sentimita 6 hivi, mzito: kwenye mizani ya jirani muuza maharage kilifika gramu 900. Juu kina kifuniko kinachofunguka kwa kuzungusha. Katikati ya kifuniko imepita parafujo nene yenye mkono wa kushika kwa mikono miwili, na mwisho wa parafujo, kule ndani, kuna kisahani kinachokaribia kugusa kuta. Ukizungusha mkono, kisahani kinashuka mpaka chini. Na chini hakuna kitu, ni wazi kabisa, ila kuna pete iliyofungwa kama kifuniko kilichotobolewa katikati.

Bibi alikitumia sokoni kupimia karanga. Aliondoa kile cha juu, akaweka kipande cha ubao chini ndani ya pete, akajaza karanga mpaka ukingoni: kipimo kimoja, bei moja. Hivyo ndivyo nilivyokijua miaka yote. Lakini hakuna mtu anayetengeneza kopo la kupimia karanga likawa na parafujo. Mama anasema bibi alikipata kwenye nyumba ya Wahindi alikofanya kazi ya jikoni hapa hapa Jinja, kuanzia 1958 mpaka walipofukuzwa 1972. Zaidi ya hapo hajui.

Ubavuni kuna maandishi ya vidoto vidogo, kama mtu aliyegonga kwa msumari. Siyasomi. Mwishoni kuna namba inayoanza na 200.

Nawaomba mnaojua mnisaidie.

---

Fundi Garaji Nalufenya (saa 2:31 usiku)

Hilo ni bomba la grisi dada. Nimefanya kazi ya magari miaka 20. Unajaza grisi, unazungusha mkono, kisahani kinasukuma, grisi inatoka chini. Yapo ya shaba ya zamani, yalikuja na mashine za viwanda vya sukari. Pale chini palikuwa na mdomo mwembamba, umepotea.

---

Dereva wa Malaba (saa 2:40 usiku)

Shaba hiyo usiitupe. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda, inalipa kuliko aluminiamu. Kama uko Jinja naweza kupita Jumanne.

---

Mjukuu wa Walukuba (saa 2:52 usiku)

@Dereva wa Malaba asante, lakini siuzi. Nataka kukijua tu.

@Fundi Garaji nimekuelewa kaka, na hilo la kusukuma naliona hata mimi. Ila mama anasisitiza kilikuwa jikoni. Bibi alimwambia "cha jikoni kwa mama yule", hakusema cha karakana.

---

Fundi Garaji Nalufenya (saa 3:05 usiku)

Sawa, basi nibaki na nusu: ni kitu cha kusukuma kitu kizito kama grisi. Parafujo nene namna hiyo haiwekwi kwa maji. Unga uliokandwa labda?

---

Mama Shamim, Kisenyi (saa 3:47 usiku)

Mwanangu, pole kwa msiba.

Kabla sijasema kitu naomba ufanye jambo moja. Ifungue ile pete ya chini. Pitisha kidole ndani yake, pale inapogusa mwili wa chombo. Uniambie kama kuna ukingo mwembamba unaozunguka pete yote, kama kigazi cha kukalia sarafu kubwa. Halafu pima upana wa nafasi hiyo.

---

Mjukuu wa Walukuba (saa 4:10 usiku)

Mama, upo! Ukingo upo, mwembamba kama unene wa ukucha. Na nafasi ni sentimita 6 kasoro kidogo. Ndipo bibi alipokuwa anaweka kile kibao chake cha karanga.

---

Mama Shamim, Kisenyi (saa 4:26 usiku)

Basi tumemaliza nusu ya safari. Ukingo ule ni kitako cha visahani vyenye matundu. Kisahani kinakaa hapo, pete inakibana, na unachosukuma kutoka juu kinatoka chini kwa umbo la matundu. Bibi yako aliweka ubao mahali pa kisahani.

Mimi nimepika nyumba za Wagujarati hapa Kampala tangu nikiwa msichana, na sasa nakaanga na kuuza mwenyewe. Wenyewe wanakiita sancho. Ni cha kutengenezea tambi za dengu: unga wa dengu unakandwa laini, unatiwa humo, unakamuliwa juu ya karai la mafuta ya moto. Zile tambi nyembamba za njano unazozikuta ndani ya chevda, zinazaliwa humo.

Kila sancho huja na visahani kadhaa. Cha matundu madogo kama ncha ya sindano ya gunia, cha matundu ya kati, cha matundu makubwa ya gathia, cha nyota moja, na mara nyingi kimoja chenye mpasuo kama wa sanduku la sadaka. Vyako viko wapi? Visahani havipotei mbali. Huwa vinakaa pamoja kwenye kopo, na mtu asiyevijua huvipa kazi nyingine. Uliza nyumba nzima.

---

Unguja Kwetu (saa 4:55 usiku)

Mama Shamim amesema kweli tupu. Kwetu hii ni mashine ya tambi. Marehemu shangazi alikuwa nayo ya mbao, siyo ya shaba, ya kusukuma kwa kifua kabisa. Unaweza kuitumia kwa tambi za ngano za sukari pia, za futari. Unga wa ngano, maji, chumvi, unasukuma unaanika juani.

---

Mama Shamim, Kisenyi (saa 5:08 usiku)

@Unguja Kwetu hapo kwenye ngano tutofautiane kidogo ndugu yangu. Ngano inavutika. Ukiikanda mpaka ishikane, inakuwa kama mpira, na ukiisukuma kwenye tundu dogo inarudi nyuma na kuvimba. Chombo cha mbao cha kusukuma kwa uzito wa mwili kinaiweza. Parafujo hii ya shaba utailazimisha mpaka nyuzi zake zilike, na zikishalika hakuna fundi wa kuzirudisha vizuri. Dengu haivutiki, ndiyo maana inapita.

---

Mwanafunzi wa Historia (Jumapili, saa 1:20 asubuhi)

Naomba nitie shaka kidogo, kwa nia njema. Mleta uzi anasema namba inaanza na 200. Wahindi waliamriwa kuondoka tarehe 4 Agosti 1972, wakapewa siku 90. Kama chombo kimeandikwa 2000 na kitu, basi kimetengenezwa baada ya mwaka 2000, na hakiwezi kuwa cha ile nyumba. Pengine bibi alikuwa na viwili na mama anachanganya? Wahindi wengi walirudi Jinja na Kampala miaka ya tisini, maduka ya vyombo yakafunguliwa tena.

---

Mjukuu wa Walukuba (saa 1:41 asubuhi)

Hili limeniuma kidogo, nisiseme uongo. Mimi nilizaliwa 1989 na nilikichezea nikiwa sijaanza shule. Kwa hiyo mwaka 2000 hauwezekani. Lakini namba ipo, naiona: 2, halafu 0, halafu 0, halafu alama ambayo siyo tarakimu ninayoijua. Imefutika kidogo. Ni kama ndoano yenye mkia.

---

Kijana wa Makadara (saa 3:02 asubuhi)

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni Mgujarati wa hapa, babu wa babu yangu alishuka na jahazi. Dada, naomba picha ya maandishi peke yake. Chukua unga wa ngano mkavu, upake juu ya vidoto, kisha ufute kwa kiganja. Unga utabaki ndani ya vidoto na maandishi yatasimama meupe. Piga picha ukiwa umesimama ubavuni mwa dirisha, siyo kwa taa ya simu.

Na kuhusu namba, subirini kidogo kabla ya kumwona bibi amekosea.

---

Mjukuu wa Walukuba (saa 3:38 asubuhi)

Nimefanya. Picha ya 6 na ya 7. Imetokea vizuri kuliko nilivyotarajia, nimeona hadi vidoto ambavyo sikujua vipo.

---

Kijana wa Makadara (saa 4:15 asubuhi)

Asante sana. Nimeipitia pamoja na mama yangu, maana yeye anasoma haraka kuliko mimi.

Ni Kigujarati. Utakijua kwa kuwa herufi hazina ule mstari wa juu unaoziunganisha, tofauti na Kihindi. Kuna mistari miwili. Wa kwanza ni jina la mwanamke, na jina la mume likifuata, kama ilivyo kawaida yetu. Silitaji hapa kwa sababu ni jina la watu na huenda wako hai, nimekutumia pembeni. Mstari wa pili una neno Porbandar, mji wa bandari upande wa Kathiawar ambako koo nyingi za Wahindi wa Uganda zilitoka, halafu ile namba.

Sasa namba. Tarakimu za Kigujarati kwa 2 na 0 zinafanana na hizi zetu, ndiyo maana umezisoma. Ya mwisho inafanana na 9 ya Kigujarati, ambayo kweli ni kama ndoano yenye mkia. Kwa hiyo 2009. Lakini huo ni mwaka wa Vikram, kalenda ya kwetu, siyo ya Kizungu. Mwaka wetu unaanza siku inayofuata Diwali. Ukitaka kuugeuza unatoa 57 kwa ile miezi ya mwisho ya mwaka wa Kizungu, na 56 kuanzia Januari. 2009 ya Vikram ilianza Oktoba 1952 ikaisha Novemba 1953.

Jina la mwanamke, mji wa kwao na mwaka, vimegongwa kwa vidoto ubavuni: hiyo ni zawadi ya arusi. Muuza vyombo ndiye aliyegonga pale pale dukani, kwa msumari na nyundo, mnunuzi akisubiri. Nyumbani kwetu kuna sufuria tatu za namna hiyo. Kwa hiyo bibi arusi yule alikuja nacho baharini, na bibi yako alipoingia ile nyumba 1958 alikikuta tayari kina miaka mitano.

---

Mwanafunzi wa Historia (saa 4:33 asubuhi)

Naomba radhi kwa mleta uzi na kwa mama yake. Sikujua habari ya kalenda hiyo.

Swali moja kwa @Kijana wa Makadara: kwenye picha ya 7 naona sehemu ya juu ya ile tarakimu imelika. Una hakika ni 9?

---

Kijana wa Makadara (saa 4:50 asubuhi)

Mama anasema 9. Mimi nikiitazama sana naona inaweza kuwa 6, kwa sababu 6 yetu nayo ina mkunjo na mkia, na hapo juu ndipo zinapotofautiana. Ikiwa 6, basi ni kati ya Oktoba 1949 na Novemba 1950. Vyovyote vile ni kabla ya bibi kuingia kazini pale. Mkunjo wenyewe umelika, siwezi kuapa.

---

Mjukuu wa Walukuba (saa 9:15 alasiri)

Nimetoka kwa mama mkubwa. Mama Shamim, nyumba nzima niliiuliza kama ulivyosema.

Kisahani cha kwanza kilikuwa kwenye karo lake la kuoshea vyombo. Amekiweka pale kuzuia makombo yasizibe bomba, anasema kina miaka zaidi ya kumi pale. Kina matundu madogo mengi. Nilipokitoa kilikuwa cheusi, nikakisugua kidogo kikaanza kuwa njano. Kingine, chenye nyota moja katikati, kilikuwa kwenye kopo la vifungo. Na ndani ya kopo hilo hilo kulikuwa na kimoja cha matundu kama mbegu za papai, na kingine chenye mpasuo mmoja, upande mmoja wa mpasuo umechongwa meno meno.

Nimevijaribu vyote vinne kwenye pete. Vinakaa bila kucheza hata kidogo. Nilipokaza pete kikasikika kile kimlio cha shaba kwa shaba na mama mkubwa akanyamaza. Kisha akasema alikuwa amesahau sauti hiyo, kwamba alipokuwa mdogo bibi alimpeleka kazini siku moja, na mama mwenye nyumba alikuwa anazungusha kitu juu ya karai, na yeye akapewa tambi za moto kwenye kipande cha gazeti.

---

Unguja Kwetu (saa 9:40 alasiri)

Machozi yamenilenga. Kile cha mpasuo ni cha fafda bila shaka, zile ndefu bapa.

---

Mama Shamim, Kisenyi (saa 10:02 jioni)

Mungu mkubwa.

@Unguja Kwetu fafda haipiti kwenye sancho. Fafda inasuguliwa juu ya ubao kwa kitako cha kiganja, unavuta donge dogo mbele linakuwa utepe, unaling'oa kwa kisu. Cha mpasuo ni cha gathia bapa, wenyewe wanaita papdi. Meno yale yanaiwekea mistari upande mmoja. Cha nyota ni cha chakri, unga wake ni wa mchele, unazungushwa kama konokono. Cha karo ndicho chenyewe cha tambi.

Sasa mwanangu, usikae nacho kabatini. Lakini kwanza kisafishe. Hizo sehemu za kijani kwenye nyuzi za pete ni kutu ya shaba, haifai kuingia tumboni. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, uukamue uwe mzito, changanya na chumvi, upake kila mahali, uache dakika kumi na si zaidi, kisha sugua kwa kitambaa au maganda ya nazi. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, unakwaruza na mikwaruzo inashika unga. Kwenye nyuzi tumia mswaki wa zamani. Suuza mara nyingi, kausha kwa kitambaa na ukiweke juani. Kisahani cha karo kichemshe kwanza, kimekaa na maji machafu miaka kumi.

---

Fundi Garaji Nalufenya (saa 10:20 jioni)

Ongeza hili dada: baada ya kukausha, paka nyuzi za parafujo mafuta ya kupikia, tone moja tu. Siyo grisi. Ukifunga pete na ikagoma, usiibane na koleo. Irudishe nyuma, ianze upya ikae sawa. Nyuzi za shaba ni laini, zikipishana mara moja zinaliwa.

---

Mjukuu wa Walukuba (Jumatano, saa 3:30 usiku)

Nimejaribu. Nimeshindwa. Nawaeleza kila kitu ili mnionyeshe kosa.

Unga wa dengu vikombe 2, nimenunua duka la Wahindi. Chumvi kijiko kidogo kimoja, manjano nusu kijiko, pilipili ya unga, ajwaini kijiko kimoja kwa sababu mama mkubwa alikumbuka harufu hiyo. Nikaongeza maji mpaka ukashikana kama wa chapati. Nikajaza, nikafunga, nikaanza kuzungusha juu ya karai.

Mizunguko ya kwanza ilitoka tambi nane au tisa tu, upande mmoja, nyingine hakuna. Halafu mkono ukawa mgumu. Nikakaza. Nilipofungua kifuniko nikakuta unga umepanda juu ya kisahani cha kusukumia, umezunguka parafujo. Zile chache zilizotoka zilikuwa ngumu kama vijiti, mtoto alizikataa.

---

Mama Shamim, Kisenyi (saa 4:05 usiku)

Ulifanya vema kuacha ulipoona mgumu. Makosa ni mawili na yote umeyasema mwenyewe.

La kwanza ni ajwaini. Uliiweka nzima, siyo? Mbegu moja inatosha kuziba tundu la kile kisahani. Tambi nane upande mmoja maana yake matundu mengine yote yalikuwa na mbegu mdomoni. Kitazame kwa nyuma kwenye mwanga utaziona. Ajwaini ya tambi unaitwanga, unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, unachuja kwa kitambaa, na maji hayo ndiyo unayokandia. Harufu inabaki, mbegu hazipo. Na unga upitishe kwenye chekecho hata kama ni wa pakiti, una madonge.

La pili, ulikanda kama chapati. Huo ni mgumu mno. Njia ikizibwa mbele na unga ukawa mgumu, hauna pa kwenda ila kurudi nyuma kupitia nafasi ndogo kati ya kisahani na ukuta. Ndiyo uliyoikuta juu. Unga wa tambi unanata vidoleni, ukiuchukua kwa kijiko na kukigeuza unaanguka taratibu kwa donge. Kwa vikombe 2 mimi naanza na nusu kikombe cha maji, kisha naongeza kidogo kidogo, huwa naishia karibu robo tatu. Kabla ya maji, mimina vijiko vikubwa 2 vya mafuta yaliyopashwa moto juu ya unga mkavu, usugue kwa vidole mpaka uwe kama mchanga wenye unyevu. Mafuta hayo ndiyo yanayofanya tambi ivunjike mdomoni. Bila hayo inakuwa kijiti, kama ulivyopata.

Lakini usizidishe maji nayo. Ukizidisha tambi zinakatika zikigusa karai na kunywa mafuta.

Pakaza mafuta ndani ya sancho na kwenye kisahani cha kusukumia kabla ya kujaza. Usijaze mpaka ukingoni. Na kisahani cha matundu kiwe kikavu kabisa, tone la maji likianguka kwenye karai litakurukia.

---

Mama wa Watoto Wanne, Arua (saa 4:22 usiku)

Naomba kuuliza hapa hapa jamani. Mimi bibi aliniachia kikaango cha chuma chenye vishimo saba. Nacho ni cha tambi?

---

Unguja Kwetu (saa 4:30 usiku)

@Mama wa Watoto Wanne hicho ni cha vitumbua dada. Fungua uzi wake tutakusaidia, usichanganye na huu.

---

Mjukuu wa Walukuba (Jumamosi, saa 12:50 jioni)

Mama Shamim, kweli. Nilikigeuza kisahani dirishani, nikahesabu matundu yaliyoziba 41. Nilizitoa moja moja kwa kijiti cha meno.

Leo nimerudia. Mafuta ya moto kwenye unga mkavu, maji ya ajwaini yaliyochujwa, nikakanda mpaka unanata. Nikadondosha donge dogo kwenye karai, likazama, likapanda taratibu, nikajua mafuta tayari. Nikashika mwili wa chombo kwa kitambaa mkono wa kushoto, nikazungusha kwa kulia huku nachora duara. Mkono ulikwenda laini kama naufungua mlango.

Zilitoka zote. Kila tundu lilitoa tambi yake, zikashuka kama mvua, povu likajaa karai lote mpaka sikuona kitu. Niliogopa nikataka kuziondoa, nikakumbuka mtu mmoja aliwahi kunifundisha kwamba povu ni maji yanayotoka. Nikasubiri. Povu lilipopungua nikageuza duara lote la tambi mara moja, nikahesabu polepole mpaka kumi na tano, nikatoa. Zilikuwa bado laini kidogo nilipozitoa. Zilipopoa zikawa kavu, ukiziminya kwa vidole zinalia.

Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilimpa kwenye kipande cha gazeti. Alinusa kwanza, muda mrefu, halafu akala mbili, akasema pilipili imezidi, ile ya mama yule haikuwa na pilipili.

Raundi ya tatu chombo kilikuwa cha moto sana, hata kitambaa hakikutosha. Hiyo ni kawaida?

---

Mama Shamim, Kisenyi (saa 1:15 usiku)

Kawaida. Shaba inabeba moto haraka. Unakikamua juu sana au chini sana? Kiwe shibri moja juu ya mafuta. Kati ya raundi kiweke ubavuni kwenye sinia, siyo ukingoni mwa karai. Ukimaliza kioshe usiku huo huo, usilaze unga ndani. Unga uliochacha ndio unaorudisha ile kijani.

Na pilipili, kila nyumba ina yake. Wapo wasiotia kabisa.

---

Kijana wa Makadara (saa 1:48 usiku)

Nimefurahi mno. Dada, lile jina nililokutumia, umeamua nini? Jamaa za Porbandar waliotoka Uganda wengi wako Leicester na wengine London. Wana vyama vyao vya koo, na vyama hivyo vina wazee wanaokumbuka nani alikaa Jinja. Naweza kuuliza kimya kimya, bila kutangaza.

---

Mjukuu wa Walukuba (saa 2:20 usiku)

Nimezungumza na mama na mama mkubwa. Hawakubaliani. Mama anasema tuulize, kwa sababu ni zawadi ya arusi ya mtu na huenda ana binti. Mama mkubwa anasema bibi hakukichukua, alipewa. Anakumbuka siku yenyewe: Oktoba, lori liko nje, masanduku yamefungwa, na yule mama akatoka jikoni akiwa amekikumbatia kwa kanga, akamwekea bibi mikononi, akamwambia kwa Kiswahili "hii nzito, wewe kaa nayo". Mama mkubwa alikuwa na miaka tisa.

Nimewaambia tutakaa tena Jumapili. Kwa sasa @Kijana wa Makadara usiulize bado. Lakini naomba kitu kimoja: mama yako aitazame tena ile tarakimu. Nimepaka unga safari hii kwa brashi, picha ya 11, na mkunjo wa juu unaonekana zaidi.

---

Kijana wa Makadara (saa 2:41 usiku)

Amevaa miwani, anaitazama. Bado anasema 9. Mimi bado naona 6.